Lebo Moja, Maadui Wawili

Lori la mafuta likikupita barabarani, tazama kibao cha rangi ya chungwa kilichobandikwa nyuma yake. Mara nyingi utaona namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ni 1202 kama limebeba dizeli, au 1203 kama ni petroli. Ya juu ni 30 kwa dizeli na 33 kwa petroli. Tarakimu 3 inamaanisha kimiminika kinachowaka, na ikiandikwa mara mbili maana yake kinashika moto upesi zaidi. Lori hilo likipinduka, mzima moto aliye mita mia moja atasoma kibao kwa darubini na kujua anachokabiliana nacho, hata kama dereva amezimia au ametoroka.

Lori la mafuta ni shehena nyepesi kuielewa kwa sababu limebeba kitu kimoja ndani ya tangi moja. Ugumu huanza pale bidhaa hatarishi za aina kadhaa zinapokutana kwenye kontena au ghala moja, kila moja ikiwa imefungwa vizuri na kupewa lebo sahihi, na bado zikawa hazifai kukaa pamoja. Mfano mzuri uko kwenye njia inayotoka bandari ya Dar es Salaam hadi migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, zaidi ya kilomita elfu moja. Migodi hiyo hutumia sianidi ya sodiamu, ambayo wachimbaji wengi huiita sayanaidi, kuyeyusha dhahabu iliyojificha ndani ya mawe yaliyosagwa. Sianidi haisafiri peke yake katika orodha ya manunuzi. Mgodi huohuo unahitaji asidi, kostiki soda, klorini ya kusafishia maji ya kunywa, na mchele wa wafanyakazi.

Kabla ya kuzipanga, lazima tujue kila moja ni nani. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya wataalamu wa usafirishaji wa bidhaa hatarishi, na mfumo uliotokana na kazi yake ndio unaotumika leo melini, kwenye ndege, relini na barabarani. Kila bidhaa hupewa namba ya tarakimu nne inayotanguliwa na herufi UN, kisha huwekwa kwenye mojawapo ya madaraja tisa. Daraja la 1 ni milipuko, la 2 ni gesi, la 3 ni vimiminika vinavyowaka. La 4 ni yabisi zinazowaka, pamoja na vitu vinavyojiwasha vyenyewe na vile vinavyotoa gesi ya kuwaka vikiguswa na maji. La 5 ni vitu vinavyoupa moto oksijeni, la 6 ni sumu na vitu vya kuambukiza, la 7 ni mionzi, la 8 ni vitu vinavyounguza ngozi na kula chuma. La 9 ni kapu la vitu ambavyo hatari yake haikupata nafasi kwingine, zikiwemo betri za lithiamu.

Watu wengi hudhani mpangilio huo unaanzia kwenye hatari kubwa na kushuka hadi ndogo. Sivyo. Daraja linaeleza aina ya hatari tu. Ukubwa wake, kwa bidhaa nyingi, huonyeshwa na kundi la ufungashaji, ambalo huandikwa kwa namba za Kirumi: I kwa hatari kubwa, II kwa ya kati, III kwa ndogo. Kundi hilo ndilo linaloamua chombo kiwe imara kiasi gani. Pipa lililopita majaribio hugongwa muhuri wenye herufi X, Y au Z. Pipa la X linaweza kubeba makundi yote matatu, la Y halibebi kundi la I, na la Z hubeba kundi la III pekee. Mtu anayemimina sianidi kwenye pipa la Z kwa sababu ni zuri na halivuji, ameshavunja kanuni kabla lori halijawasha injini.

Sasa tuitazame shehena yetu. Sianidi ya sodiamu iliyo yabisi ni UN 1689, daraja la 6.1 ambalo ni la sumu, kundi la I. Pia inahesabiwa kuwa kichafuzi cha bahari, kwa hiyo hubeba alama ya ziada yenye picha ya samaki aliyekufa na mti mkavu. Kwa kawaida huja kama chembe nyeupe ndani ya mfuko mkubwa wa tani moja, ukiwa na mfuko wa plastiki wa kuzuia unyevu na sanduku la mbao nje. Asidi ya haidrokloriki, inayotumika mgodini kuosha mkaa uliobeba dhahabu, ni UN 1789, daraja la 8. Kostiki soda ya yabisi ni UN 1823, daraja la 8 pia. Klorini ya unga, yaani haipokloriti ya kalsiamu iliyo kavu, ni UN 1748, daraja la 5.1. Mchele hauna namba, lakini una kanuni yake kama tutakavyoona.

Lebo ya kila kifurushi ni mraba uliosimama kwa pembe moja, kila upande ukiwa na urefu wa milimita 100. Lebo ya sumu ni nyeupe yenye fuvu na mifupa miwili. Ya daraja la 5.1 ni ya njano yenye mwali juu ya duara. Ya daraja la 8 ni nyeupe juu na nyeusi chini, na juu pana mkono na kipande cha chuma vinavyomwagiwa kimiminika. Bidhaa zikiingia kwenye kontena, mlango ukifungwa lebo hizo hazionekani tena, ndiyo maana kontena nalo hubandikwa mabango ya umbo hilohilo yenye upande wa angalau milimita 250. Kwa safari ya baharini mabango hukaa pande zote nne. Kanuni za bahari zinataka zaidi ya hapo: maandishi ya kifurushi lazima yaendelee kusomeka hata kifurushi kikikaa ndani ya maji ya bahari miezi mitatu. Karatasi iliyochapwa kwenye printa ya ofisini na kubandikwa kwa gundi ya solotepu haifiki hata Zanzibar.

Pamoja na lebo huja hati ya shehena, na humo maelezo ya msingi huandikwa kwa mpangilio maalumu usiobadilishwa kwa matakwa ya mwandishi. Kwa sianidi yetu mstari husomeka hivi:

```
UN 1689, SODIUM CYANIDE, SOLID, 6.1, PG I, MARINE POLLUTANT
```

Namba, jina rasmi, daraja, kundi. Jina la biashara halitoshi, na neno "kemikali" peke yake halina maana yoyote. Mabaharia, wapakiaji na wazima moto hawaujui mgodi wako wala kiwanda chako, wanachokijua ni mstari huo.

Tuseme sasa msimamizi wa yadi mmoja jijini ana bidhaa zote tano na anataka kubana gharama. Ana makontena mawili matupu. Anafungua jedwali la utenganishaji lililomo kwenye kanuni za kimataifa za bahari, zile ambazo mawakala huziita IMDG na ambazo zimekuwa za lazima tangu Januari 1, 2004. Jedwali hilo lina madaraja juu na madaraja pembeni, na pale mstari unapokutana na safu kuna tarakimu au herufi X. Tarakimu 1 inamaanisha "mbali na", ambayo ni angalau mita tatu. Tarakimu 2 inamaanisha "kutenganishwa na": chini ya sitaha bidhaa hizo ziwe kwenye ngama tofauti, na kwa kawaida haziruhusiwi kuingia kontena moja. Tarakimu 3 na 4 ni kali zaidi, hadi kufikia kuacha ngama nzima katikati.

Anaanza na sumu dhidi ya kiunguzaji, yaani 6.1 na 8. Jedwali linamwonyesha X. Anafurahi, anaona X ni ruhusa, na anaagiza sianidi na asidi zipakiwe pamoja.

Hapo ndipo watu wanaweza kufa. X haisemi "ruksa". Inasema kwamba kwa kiwango cha daraja hakuna sharti la jumla, kwa hiyo nenda kasome ukurasa wa bidhaa yenyewe. Na ukurasa wa sianidi unasema waziwazi kuwa itenganishwe na asidi. Ukurasa wa asidi ya haidrokloriki nao unasema itenganishwe na sianidi. Sababu ni ya kikemia na haina utata. Asidi ikigusa sianidi hutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni, ambayo huzuia seli za mwili kutumia oksijeni. Mtu huendelea kuvuta hewa, damu yake ina oksijeni ya kutosha, lakini moyo na ubongo haviwezi kuitumia. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo kwenye joto la Dar es Salaam haibaki kimiminika hata kidogo. Husemekana ina harufu ya lozi chungu, lakini wapo watu ambao pua zao kwa maumbile haziitambui kabisa, na kutegemea pua kama kipimo ni kuweka maisha rehani.

Kwa nini jedwali halikulisema hilo moja kwa moja? Kwa sababu daraja la 8 limebeba familia mbili zinazopingana. Lebo ya mkono na chuma inaeleza tu kwamba kitu hiki kitakuunguza. Haisemi kama kinaunguza kwa uasidi au kwa ualkali. Asidi ya haidrokloriki na kostiki soda zinavaa lebo moja isiyotofautiana hata kwa nukta, ilhali zikimwagikiana huchemka na kurusha matone ya moto. Na kwa sianidi tofauti yao ni ya uhai na kifo. Asidi huitoa gesi, kostiki soda huizuia isitoke. Mgodini, sianidi inapoyeyushwa kwenye maji, huongezwa alkali ili pH ibaki juu, kwa kawaida kwenye 10.5 au zaidi, kwa sababu hapo karibu sianidi yote hubaki ndani ya maji badala ya kupaa. Kwa hiyo pana namba 8 iliyo rafiki wa sianidi na namba 8 iliyo adui yake, na aliyesimama mbele ya masanduku akitazama lebo peke yake hawezi kuzitenga.

Ndiyo maana kanuni ziliongeza ngazi nyingine juu ya madaraja, inayoitwa makundi ya utenganishaji. Humo asidi zote zina kundi lao, alkali lao, sianidi lao, haipokloriti lao. Makundi haya hayana lebo. Hayaonekani kwenye pipa. Yako kwenye kitabu na kwenye karatasi ya taarifa za usalama inayotakiwa kuambatana na kemikali, ile ambayo yadi nyingi huifungia kwenye droo ya ofisi badala ya kuitundika ghalani. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo mzima: lebo imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbilia ajali, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana, lakini kwa mtu anayepanga shehena ni nusu tu ya habari.

Tuendelee na msimamizi wetu, aliyerudi kwenye kitabu. Asidi na kostiki soda ziko daraja moja, na kila moja ukurasani kwake inataka kutenganishwa na kundi la mwenzake. Haziendi pamoja. Klorini ya unga na asidi ni 5.1 na 8, jedwali lenyewe linaonyesha 2, na zikikutana hutoa gesi ya klorini. Klorini na kostiki soda nazo ni 5.1 na 8, kwa hiyo 2 inabaki palepale hata kama zote mbili ni za upande wa alkali. Klorini na sianidi jedwali linasema 1, lakini ukurasa wa haipokloriti unakaza zaidi na kutaka itenganishwe na sianidi. Katika migongano hii, sharti kali ndilo linalofuatwa.

Mchele je? Chakula hakipandi kontena moja na sumu ya kundi la I wala la II, na hapa hakuna suala la mita tatu. Sianidi ni kundi la I. Mchele utafute gari lake.

Jawabu la mwisho basi ni hili. Sianidi na kostiki soda kanuni hazizigombanishi, ingawa wasafirishaji makini wa sianidi huipa gari lake peke yake hata pale wasipolazimishwa. Asidi iwe kontena lake, klorini lake. Makontena mawili hayatoshi, na hakuna namna ya kuyapanga yakatosha. Msimamizi aliyetaka kuokoa nauli ya lori moja amegundua alikuwa anahitaji malori matatu ya kemikali na la nne la chakula.

Ghalani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu lori hufika na kuondoka lakini ghala hukusanya. Mita tatu kati ya mapipa ya asidi na masanduku ya sianidi huonekana nyingi ukizipima kwa futi kamba, lakini kimiminika hakipimi kwa futi kamba. Kama sakafu inainama kuelekea mfereji mmoja, pipa likitoboka usiku asidi itaufuata mfereji na kukutana na chochote kilicho njiani. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtunza ghala linahusu maji: yakimwagika hapa, yanakwenda wapi? Asidi inahitaji eneo lake lenye ukingo wa saruji wa kuzuia kilichomwagika, na mfereji wake usiungane na mwingine. Kimiminika kisiwekwe rafu ya juu huku yabisi ikiwa chini yake. Sianidi ikae mahali pakavu, penye paa lisilovuja, hewa inayopita na mlango wenye kufuli.

Na kuna jambo linalowashangaza hata wazoefu. Kwenye ghala la sianidi hakutakiwi mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikichanganyika na unyevu hufanya asidi dhaifu, na hata asidi dhaifu inatosha kuanza kuitoa sianidi ya hidrojeni. Kwa sababu hiyohiyo, kontena la sianidi lililoingia unyevu njiani linaweza kuwa na gesi ndani hata kama hakuna asidi iliyolikaribia, kwa kuwa hewa tunayovuta nayo ina kaboni dayoksaidi. Mlango haufunguliwi kwa kuvutwa tu na vijana wa upakuaji kuingia. Sili hukaguliwa kwanza, milango hufunguliwa na kuachwa hewa ipite, kisha mtu mwenye vifaa vya kujikinga huingiza kipimo. Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sianidi, iliyoandaliwa baada ya bwawa la mabaki ya mgodi kupasuka Baia Mare, Romania, Januari 2000, inataka watu waondoke eneo hilo kipimo kikifika 10 kwa milioni, na wavae kinga kikivuka 4.7 kwa muda mrefu.

Mchanganyiko wa ghala unavyoweza kuharibika ulionekana Tianjin, China, usiku wa Agosti 12, 2015. Chanzo hakikuwa sianidi. Ilikuwa nitroselulosi, ambayo ni ya kuwaka na husafirishwa ikiwa imeloweshwa ili itulie. Kwenye joto la kiangazi unyevu wake ulikauka, ikajipasha na kujiwasha. Moto ukafika kwenye nitrati ya amonia, bidhaa ya daraja la 5.1, ambayo ilikuwa imerundikwa humo takriban tani 800. Watu 165 walikufa na 8 hawakuonekana tena. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wazima moto, ambao waliitwa kwenye moto wa makontena bila kuambiwa kilichomo. Humohumo palikuwa na takriban tani 700 za sianidi ya sodiamu, na siku zilizofuata kazi kubwa ilikuwa kuzuia mvua isiibebe. Kila bidhaa ile ilikuwa na daraja lake na namba yake. Kilichokosekana ni nafasi kati yao, na orodha mikononi mwa waliokwenda kuzima.

Barabarani hatari hubadilika sura. Mei 20, 1998, lori la mgodi wa Kumtor nchini Kirigizia lilianguka kwenye mto Barskoon likiwa na sianidi, na zaidi ya kilo 1,700 zilimwagika majini. Hapakuwa na asidi wala kontena la jirani. Palikuwa na daraja na kona. Ndiyo maana njia ya sianidi hupimwa kabla ya safari kwa kuhesabu mito inayovukwa, na magari husafiri kwa msafara mchana, yakiwa na mtu mwenye mafunzo na dawa ya dharura. Hapa Tanzania kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, na vibali vyake huombwa kabla shehena haijatikisika.

Sanduku likishafika mgodini na kumiminwa, wengi huona safari imekwisha. Kanuni hazioni hivyo. Chombo kitupu ambacho hakijasafishwa huhesabiwa sawa na kilichojaa: lebo yake inabaki, na kinaporudi kinarudi na hati zake. Chembe zilizonasa kwenye mikunjo ya mfuko zinatosha kuua mtu. Migodi inayofuata taratibu huosha mifuko kwa maji yanayorudishwa kwenye mtambo, huiharibu isitumike tena, na mbao za masanduku huchomwa chini ya uangalizi. Kwenye mitambo midogo ya kuchenjua dhahabu mambo hayafuatwi hivyo kila mara. Mapipa ya chuma ni mazuri, yana mfuniko, na kijijini maji ni shida. Pipa la sianidi likibanduliwa lebo bila kuoshwa, kwa macho halitofautiani na pipa la mafuta ya kula, na ndiyo sababu mengine hutobolewa tundu kwa makusudi kabla ya kutolewa getini.